Skripti mbili za video ya kuomba radhi kwa kuchelewesha mzigo: ipi uisome mbele ya kamera?

Nitaweka skripti mbili mezani. Zote zinahusu ucheleweshaji uleule, biashara ileile, wateja walewale. Ya kwanza ndiyo inayoandikwa na wengi. Ya pili ni ngumu kuitamka, na ndiyo ninayokushauri uichague, isipokuwa katika hali mbili nitakazozieleza mbele.

Kwanza tuukubali mfano wenyewe, kwa sababu skripti nzuri hutoka kwenye hesabu kabla ya kutoka kwenye maneno. Karakana inashona mabegi ya shule kwa oda. Ina mafundi watatu, kila mmoja anamaliza mabegi 6 kwa siku, kwa hiyo karakana nzima inatoa 18. Kabla ya shule kufunguliwa zilikuwa zimebaki siku 10 za kazi. Mwenye karakana alipokea oda 240 na kuahidi kwamba zote zitafika Jumamosi tarehe 6, kwani Jumatatu tarehe 8 ndiyo siku ya kufungua. Katikati ya kazi, aliyekuwa akileta zipu akachelewa siku mbili, na siku hizo mbili hakuna begi lililokamilika. Jumamosi jioni mabegi 144 yalikuwa yameshafika kwa wenyewe. Wateja 96 walikuwa wanasubiri. Jumapili tarehe 7 mwenye karakana anashika simu ili ajirekodi.

Skripti ya kwanza inasema hivi:

> Habari wapendwa wateja wetu. Sisi kama timu tunathamini sana kila mmoja wenu, na ubora ndio nguzo yetu. Kama mnavyofahamu, msimu huu wa kufungua shule umekuwa na changamoto nyingi. Msambazaji wetu wa zipu alichelewa kutuletea mzigo, na kwa sababu hiyo baadhi ya oda zimechelewa kidogo. Tunaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Timu yetu inafanya kazi usiku na mchana kuhakikisha kila mteja anapata begi lake haraka iwezekanavyo. Kama shukrani kwa uvumilivu wenu, tunawapa punguzo la asilimia 20 kwenye oda yenu ijayo. Tunaomba mtuelewe na mzidi kutuamini. Asanteni sana.

Skripti ya pili:

> Mimi ndiye mwenye karakana hii. Niliwaahidi mabegi Jumamosi tarehe 6. Wateja 96 hamkuyapata, na kesho watoto wenu wanaingia darasani bila begi. Nawaomba radhi.
>
> Kosa ni langu. Tunashona mabegi 18 kwa siku. Kwa siku 10 ni 180. Mimi nilipokea oda 240 bila kupiga hesabu hiyo. Zipu nazo zilichelewa siku mbili, lakini hata zingewahi, 60 kati yenu mngekosa tu. Alhamisi nilishaona kwamba hatutamaliza, nikanyamaza. Nilipaswa kuwaambia siku ileile.
>
> Sasa itakuwa hivi. Tunashona kwa kufuata foleni: aliyetangulia kulipa anatangulia kupata. Kila mmoja wenu ametumiwa leo ujumbe wenye tarehe ya begi lake. La mwisho litafika Jumatatu tarehe 15. Pesa ya usafiri tumeshairudisha kwa wote 96, huna haja ya kuiomba. Usiyetaka kusubiri, jibu ujumbe huo kwa neno "rudisha", na pesa yako yote itarudi ndani ya saa 24.
>
> Kuanzia leo, oda zikifika 140 kwa siku 10 tunafunga kupokea.
>
> Namba yangu iko chini. Nitapokea mwenyewe.

Ukizisoma kwa haraka unaweza kudhani tofauti yao ni ukali wa sauti tu, moja laini na nyingine kavu. Tofauti iko ndani zaidi, na inaanza kwenye sarufi.

Tazama kitenzi. Skripti ya kwanza inasema oda "zimechelewa". Kiswahili kina njia mbili za kulisema jambo hili, na kila msikilizaji anazijua hata kama hajawahi kuzifikiria. "Mzigo umechelewa" inaufanya mzigo uwe ndio uliochelewa, kana kwamba una miguu na ulipitia njia ndefu. "Tumeuchelewesha mzigo" ina mtu ndani yake. Viambishi vile vidogo, "tu" mwanzoni na "esha" mwishoni, ndivyo vinavyobeba lawama. Hali ni hiyohiyo kwenye "usumbufu uliojitokeza". Usumbufu haujitokezi. Mzazi aliyeamka Jumatatu akatafuta mfuko wa kuwekea madaftari amesumbuliwa, na aliyemsumbua anajulikana. Sentensi hii imezoeleka mno kwenye matangazo kiasi kwamba mwandishi anaichukua bila kuiangalia, na mteja anaisikia kama anavyosikia mlango ukifungwa. Ongeza na neno "wowote": usumbufu wowote uliojitokeza, maana yake hatujui kama ulikuwepo.

Skripti ya pili haina "changamoto". Neno hilo limefanywa kuwa blanketi la kufunikia kila kitu, na ukilikuta kwenye rasimu yako lifute, kisha uandike mahali pake kitu chenyewe kilichotokea. Ukishindwa kukitaja, hujajua bado kwa nini ulichelewa, na hapo hujawa tayari kurekodi.

Kuhusu kukiri kosa, kuna utafiti ninaourudia kila mara. Mwaka 2016 Roy Lewicki na wenzake wawili, Beth Polin na Robert Lount, walichapisha kazi iliyoivunja radhi katika sehemu sita: kuonyesha majuto, kueleza sababu, kukiri kuwajibika, kuahidi kutorudia, kujitolea kurekebisha, na kuomba msamaha. Waliwapa watu radhi zenye sehemu tofauti ili wazipime. Sehemu iliyokuwa na uzito kuliko zote ilikuwa kukiri kwamba kosa ni lako. Iliyofuata ni kurekebisha. Ya mwisho kabisa ilikuwa kuomba kusamehewa. Sasa rudi kwenye skripti ya kwanza uone ilivyopangwa kinyume: imekuwa tajiri pale kwenye uzito mdogo, "mtuelewe", "mzidi kutuamini", na pale kwenye uzito mkubwa haina kitu. "Tunaomba mtuelewe" ni ombi. Mtu ambaye hajapata alichokilipia anaombwa atoe kitu kingine tena.

Swali la zipu linastahili nafasi yake, kwa sababu ndipo watu waaminifu hujikwaa. Mwenye karakana akisema zipu zilichelewa, hasemi uongo. Zilichelewa kweli. Ila kuna kipimo rahisi: fikiria kwamba aliyeleta zipu aliwahi, kisha uhesabu upya. Siku 10 mara mabegi 18 ni 180. Oda zilikuwa 240. Kwa hiyo hata mambo yangekwenda sawa kabisa, wateja 60 wangekosa. Zipu zinabeba 36 tu kati ya 96. Skripti ya kwanza imechukua sababu ya wachache na kuwapa wote, na kibaya zaidi, kwa kufanya hivyo imejizuia kurekebisha. Ukiamini tatizo lilikuwa zipu, utatafuta mleta zipu mwingine, na msimu ujao utachelewesha tena mabegi 60 ukiwa na zipu za kutosha.

Kama hesabu ingeonyesha kinyume, kwamba ulipokea oda 150, uwezo ulikuwepo, na mtu wa nje peke yake ndiye aliyekwamisha, basi mtaje. Kumtaja si kukwepa. Lakini mteja alikulipa wewe, kwa hiyo sentensi ya sababu ifuatiwe palepale na sehemu yako: "Zipu zilichelewa siku mbili, na sikuwa na akiba hata ya siku moja." Na mtaje kwa kazi yake, usimtaje kwa jina. Video ya kuomba radhi inayomwanika mtu mwingine hugeuka kuwa ugomvi, na wateja wako wanakuwa watazamaji wa ugomvi huo.

Kuna mstari mmoja kwenye skripti ya pili ambao wenye biashara wengi wangependa kuukata: "Alhamisi nilishaona kwamba hatutamaliza, nikanyamaza." Usiukate. Kuchelewa kwenyewe watu wengi hukusamehe. Kinachouma ni zile siku mbili ambazo mzazi angeweza kushona begi la zamani au kuazima, lakini hakujua. Kama ulinyamaza na hukukiri kunyamaza, wateja watalisema wenyewe, na watakuwa na haki.

Sasa tuje kwenye fidia, ambako chaguo si jepesi kama inavyoonekana. Skripti ya kwanza inatoa punguzo la asilimia 20 kwenye oda ijayo. Ya pili inarudisha pesa ya usafiri bila kuombwa, na inaacha mlango wa kurudishiwa pesa yote. Kwa mtazamo wa haraka punguzo ni kubwa zaidi. Lakini mteja halipati mpaka anunue tena kwako, yaani aliyekosa begi anapaswa atoe pesa nyingine kwa mtu aliyemkosesha ili alipwe.

Hata hivyo nisiwe mkali kupita kiasi kwa kuponi. Wanauchumi Basil Halperin, Benjamin Ho, John List na Ian Muir walifanya jaribio kubwa kwa abiria milioni 1.5 wa Uber waliofikishwa wakiwa wamechelewa. Baadhi waliombwa radhi kwa maneno tu, kwa namna mbalimbali, baadhi wakapewa kuponi ya dola 5 ya safari nyingine. Maneno matupu hayakubadilisha mengi. Kuponi ilisaidia abiria warudi. Mbona basi huku naikataa? Kwa sababu abiria wa teksi huenda atapanda tena kesho au wiki ijayo, na kwake dola 5 za safari nyingine zinakaribia kuwa pesa mkononi. Begi la shule hununuliwa mara moja kwa mwaka, pengine kwa miaka miwili. Punguzo la oda ijayo linaahidi kitu ambacho wengi hawatakitumia, na wanajua hivyo wakiwa wanakusikiliza. Kama biashara yako ni ya kila wiki, tuseme unasambaza maji au unafua nguo, kuponi ni fidia halisi. Kama ni ya mara moja kwa muda mrefu, rudisha pesa kidogo sasa.

Jaribio hilohilo lilionyesha jambo jingine ambalo mtu anayefikiria kurekodi video anapaswa kulipima. Kwa abiria waliocheleweshwa tena na tena na kuombwa radhi kila mara, radhi iliweza kuharibu kuliko kunyamaza. Radhi ni ahadi, na ahadi iliyovunjwa mara ya tatu inadaiwa pamoja na zile mbili za nyuma. Hii ndiyo hali ya kwanza kati ya mbili ambazo singekushauri skripti yoyote kati ya hizi. Kama umeshatoa video kama hii ndani ya miezi michache, usitoe nyingine. Rudisha pesa, tuma ujumbe mfupi wa tarehe, na urekebishe kwanza.

Hali ya pili ni pale kitu kilichochelewa hakina tena kazi. Gauni la harusi lililofika siku baada ya harusi halihitaji video. Mteja huyo anapigiwa simu na mwenye biashara, pesa yote inarudi kabla simu haijakatwa, na hakuna kamera inayohusika. Video inafaa pale waliocheleweshewa ni wengi, sababu yao ni moja, na mzigo bado una maana ukifika.

Tarehe nayo. "Haraka iwezekanavyo" dhidi ya "Jumatatu tarehe 15". Wengi huogopa kutaja tarehe wakidhani ni kujitia kitanzi mara ya pili. Woga huo ni wa haki kama tarehe imetolewa hewani. Hapa imetoka wapi? Mabegi yaliyobaki ni 96. Kuanzia Jumatatu tarehe 8 hadi Ijumaa tarehe 12, mafundi wanatoa 90. Jumamosi wanamalizia 6. Usafirishaji wa mwisho ungeweza kufanyika Jumamosi hiyohiyo jioni, lakini skripti inasema Jumatatu, kwa makusudi. Siku hiyo moja ya ziada inabeba cherehani ikiharibika au fundi akiugua. Ukiahidi tarehe 15 na begi likafika tarehe 13, hakuna atakayelalamika. Ukiahidi 13 likafika 15, video yako imekuwa ushahidi dhidi yako. Zipu pia lazima ziwe zimeshafika, zote 96, ziko mezani umezihesabu, kabla ya kutamka tarehe. Kama bado unasubiri kitu kutoka kwa mtu mwingine, usitaje siku ya begi. Taja siku utakayotoa taarifa nyingine, na uitoe hata kama hakuna jipya.

Kuhusu ule mstari wa oda 140, huenda ukajiuliza kwa nini isiwe 180 ambayo ndiyo uwezo wenyewe. Kwa sababu 180 inawezekana tu kama hakuna kitakachoharibika kwa siku 10 mfululizo. Ukipoteza siku mbili, kama walivyopoteza hawa, unabaki na uwezo wa 144. Kwa hiyo 140 ni idadi ambayo ingestahimili msimu huuhuu uliopita, pamoja na zipu zake. Ndiyo maana ninaiona kuwa sentensi yenye nguvu kuliko zote kwenye skripti ya pili. "Tutaboresha huduma zetu" haiwezi kukaguliwa na yeyote. "Oda zikifika 140 tunafunga" mteja anaweza kuikagua msimu ujao, akikuta umefunga au hukufunga.

Mfano wa hadharani unaofanana na huu ni wa shirika la ndege la JetBlue la Marekani. Tarehe 14 Februari 2007 dhoruba ya barafu ilikwamisha ndege zake New York, na baadhi ya abiria walikaa ndani ya ndege kwenye lami kwa saa nyingi. Hali ya hewa ilikuwa sababu tosha kabisa ya kujitetea. Mkurugenzi wake, David Neeleman, hakujificha nyuma yake. Alijirekodi video ya kuomba radhi, na ndani ya siku chache shirika likatangaza orodha ya haki za abiria iliyotaja fidia kulingana na urefu wa ucheleweshaji. Mashirika mengine yalipata dhoruba ileile. Lake lilichukua muda mrefu kurudi kwenye ratiba, na hilo lilikuwa lao. Dhoruba kwake ni kama zipu kwa mwenye karakana: kweli, lakini si yote. Inafaa uongeze pia kwamba video haikumlinda yeye mwenyewe: Mei mwaka huohuo aliondolewa kwenye ukurugenzi mkuu. Usirekodi ukitarajia kwamba kila kitu kitarudi kama zamani.

Nani aongee? Mwenye biashara, au yule aliyefanya uamuzi wa kupokea oda zote. Mhudumu wa kupokea simu asiwekwe mbele ya kamera, hata kama anaongea vizuri kuliko wewe. Anayeomba radhi kwa uamuzi asioufanya husikika, na wateja humhurumia yeye huku wakizidi kukukasirikia wewe. Ukiwa mmoja, sema "mimi" kwenye kosa na "sisi" kwenye kazi: mimi nilipokea, sisi tunashona. Skripti ya kwanza ina "sisi" mwanzo hadi mwisho, na katika "sisi" ya namna hiyo hakuna mtu unayeweza kumtazama machoni.

Upande wa kurekodi sina mengi. Simama karakanani, kazi ikiendelea nyuma ukitaka, lakini usiwapange mafundi wakae kwa huzuni. Usiweke muziki, hata ule wa kinanda cha taratibu, hasa huo. Rekodi kwa pumzi moja bila kukatakata, maana kila mkato unamfanya mtazamaji ajiulize ulichokiondoa. Ukikosea neno, jirekebishe na uendelee. Weka maandishi chini ya picha, kwa kuwa wengi hutazama bila sauti, na hakikisha "tarehe 15" na neno "rudisha" yanasomeka. Kuhusu kusoma au kukariri: kariri mpangilio wa sehemu, na uandike kwenye karatasi zile namba tu, 96, 240, tarehe 15. Mtu akiangalia karatasi kwa ajili ya namba anaonekana makini. Akiangalia karatasi ili aseme "nawaomba radhi" anaonekana ametumwa. Na isome kwanza kwa sauti mbele ya mtu mmoja aliyecheleweshewa mzigo, kama yupo anayekubali. Utaona usoni mwake ni mstari gani unaokataa kuingia.

Ipelekwe wapi? Hapa ninatofautiana na wengi wanaoiweka moja kwa moja kwenye ukurasa wa biashara. Wale 144 waliopata mabegi yao hawana habari ya kuchelewa. Wapelekee kwanza wale 96, kwenye simu zao, pamoja na ujumbe wenye tarehe ya kila mmoja. Kama malalamiko yameshafika hadharani, iweke na hadharani, saa chache baadaye, baada ya waliokosa kuipata kwanza. Mteja asikutane na radhi yake mwenyewe akiwa anapitapita mtandaoni kama mtu baki.

Na pesa ya usafiri irudi kabla ya video, si baada yake. Skripti inasema "tumeshairudisha". Mtu akisikia sentensi hiyo, kisha akafungua simu akakuta ujumbe wa pesa uliingia nusu saa iliyopita, sentensi zote zilizobaki zitasikika tofauti. Akikuta hakuna kitu, hata "kosa ni langu" haitamfikia. Kwa hiyo Jumapili ile kazi ya mwenye karakana inaanza na orodha ya majina 96 na miamala 96. Kamera inafuata jioni, na Jumatatu asubuhi simu yake iwe imechajiwa, kwa sababu namba iliyo chini ya video ni yake, na ameahidi kupokea mwenyewe.